Simu peke yake, kisomaji kidogo au mashine kamili: muuzaji mdogo apokee kadi kwa njia ipi?

Muuzaji anayetaka kupokea malipo ya kadi leo ana njia tatu mbele yake. Anaweza kupakua programu inayoigeuza simu yake kuwa kisomaji, mteja akagusisha kadi kwenye simu hiyo na biashara ikaisha. Anaweza kununua kisomaji kidogo cha mkononi kinachoungana na simu kwa Bluetooth. Au anaweza kuchukua mashine kamili yenye skrini, laini ya mtandao na pengine printa, ambayo haihitaji simu kabisa.

Wengi huanza kwa kuuliza kama simu kweli inaweza kazi hiyo. Inaweza, na si kwa ujanja wowote. Kadi ya kugusisha na simu ya kawaida hutumia mawasiliano yale yale ya NFC, kwenye masafa ya megahezi 13.56, kwa umbali wa sentimita chache tu. Kadi haina betri. Huamshwa na nguvu ya sumaku inayotoka kwenye simu, ikatoa taarifa zake pamoja na msimbo unaotengenezwa kwa ajili ya muamala huo mmoja. Programu hufunga taarifa hizo kwa usimbaji na kuzituma kwa mtoa huduma wa malipo, naye huuliza benki ya mteja, jibu linarudi. Simu ya mteja yenye kadi ndani yake, au saa yake, hufanya vivyo hivyo.

Swali lenye uzito ni jingine: kitatokea nini siku kadi itakapokataa kumalizana kwa mguso mmoja? Hapo ndipo njia hizi tatu zinapoachana, kuliko hata kwenye bei. Kwa hiyo nitazipima kwa vigezo vinne, na hicho nimekiweka mbele:

- Kadi zitakazopita: mguso tu, au pia namba ya siri na kuchomeka chipu?
- Gharama: unalipa nini mwanzo, na nini kwa kila muamala?
- Kazi ya siku nzima: chaji, mtandao, foleni, risiti.
- Usalama, na imani ya mteja: haya ni mambo mawili, na hayaendi pamoja kila mara.

## Simu peke yake

Kadi zitakazopita. Mguso wa kawaida hupita bila shida. Ugumu huanza kiasi kinapovuka kikomo cha mguso bila uthibitisho, au kadi inapokuwa imeshagusishwa mara kadhaa mfululizo na benki ikataka kuhakikisha kwamba aliyeishika ndiye mwenyewe. Simu ya mteja huvuka hapo kwa urahisi, kwa sababu mwenyewe amekwishaifungua kwa alama ya kidole au uso. Kadi ya plastiki itaomba namba ya siri.

Kama programu yako inaweza kuipokea namba hiyo hutegemea ilijengwa chini ya kanuni zipi. Baraza la viwango vya usalama wa kadi, PCI, lilitoa Desemba 2019 kiwango kilichoruhusu simu ya kawaida kusoma kadi kwa mguso, lakini bila mteja kuandika namba ya siri kwenye simu hiyo hiyo. Novemba 2022 likaja kiwango kipya, MPoC, kinachoruhusu mguso na namba ya siri kwenye kioo kimoja. Ndiyo maana programu mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kutofautiana kabisa siku kiasi kinapokuwa kikubwa. Kabla ya kujisajili, muulize mtoa huduma swali moja tu: je, programu yenu inapokea namba ya siri kwenye skrini katika nchi yangu? Akizungukazunguka, hesabu kwamba haipokei.

Kuna ukuta mwingine ambao hakuna programu itakayouvunja. Baadhi ya kadi zimetengenezwa hivi kwamba namba ya siri hukaguliwa na chipu yenyewe, kadi ikiwa imechomekwa. Kadi kama hiyo ikitaka uthibitisho haitaridhika na kioo cha simu. Itataka ichomekwe, na simu haina pa kuchomeka. Muamala unaishia hapo hata kama akaunti ya mteja imejaa fedha. Vivyo hivyo kwa kadi isiyo na uwezo wa kugusishwa, au kadi ambayo waya wake wa ndani umekatika.

Gharama. Kifaa unacho tayari, hivyo mwanzo ni bure au karibu na bure. Asilimia inayokatwa kwa kila mauzo, kwa watoa huduma kadhaa, ni ile ile ya kisomaji chao kidogo. Wengine huongeza ada ndogo isiyobadilika kwa kila muamala wa simu. Ada hiyo huandikwa kwa herufi ndogo, nayo ndiyo ya kutafutwa kwanza kwenye mkataba. Hesabu yake nitaifanya chini.

Angalia pia kama simu yako itakubaliwa. Kwa iPhone, huduma hii ilitangazwa na Apple Februari 2022 na huhitaji iPhone XS au ya baadaye. Kwa Android masharti hutofautiana, lakini yanafanana kwa asili: iwe na NFC, iwe na mfumo ambao haujazeeka, na isiwe imevunjwa ulinzi wake. Simu nyingi za bei ya chini hazina NFC kabisa. Fungua mipangilio ya simu, andika `NFC` kwenye sehemu ya kutafutia; isipotokea, safari ya njia hii imeishia hapo.

Kazi ya siku nzima. Simu moja inayopokea wito wa wateja, kuonyesha ramani na kupokea malipo itaisha chaji mapema, na ikizima biashara ya kadi imezima nayo. Simu ikiita katikati ya muamala, programu inaweza kuukatisha. Mtandao kwa kawaida unahitajika kwa kila malipo, maana jibu la benki haliwezi kubuniwa.

Kosa la kila siku, hata hivyo, ni dogo kuliko hayo: watu hawajui pa kugusisha. Kwenye iPhone antena iko ukingo wa juu. Kwenye Android mara nyingi iko mgongoni, ama karibu na kamera ama katikati, na kila kampuni ina mahali pake. Mteja hugonga kadi mara moja na kuiondoa, kama abishaye hodi, kabla mazungumzo ya kadi na simu hayajakamilika. Kadi inapaswa kutulia mpaka simu itoe mlio au mtetemo. Kava nene, kava lenye bati au lenye sumaku ya kushikia simu kwenye gari hudhoofisha mawimbi. Ukiona kadi tofauti zinakataa mfululizo, vua kava kwanza kabla hujalaumu programu. Na mteja akigusisha pochi nzima yenye kadi mbili, simu itaziona zote na kukataa kuchagua. Mwombe atoe moja.

Risiti huenda kwa ujumbe au baruapepe. Anayetaka karatasi hatapata, isipokuwa una printa pembeni.

Usalama, na imani ya mteja. Kiufundi ulinzi ni mzito kuliko watu wanavyodhani. Programu hukagua simu tena na tena na kupeleka matokeo kwa seva: je, imevunjwa ulinzi? Kuna chombo kinachochungulia kumbukumbu yake? Programu nyingine imejilaza juu ya skrini? Ikishuku, inakataa kufanya kazi. Ndiyo sababu muuzaji anaweza kuamka asubuhi akakuta huduma imegoma bila yeye kufanya kosa lolote analolijua. Mara nyingi chanzo ni `Developer options` iliyoachwa wazi, programu ya viputo vinavyoelea juu ya skrini, au programu yenye ruhusa ya kusoma skrini. Zima kimoja kimoja ujaribu tena. Kwenye iPhone, usomaji na usimbaji wa kadi hufanyika ndani ya kipande maalumu cha usalama ambacho programu ya muuzaji haiwezi kukichungulia. Kwa vyovyote vile, namba ya kadi haibaki kwenye simu yako.

Imani ni habari nyingine. Mteja anayeombwa aandike namba yake ya siri kwenye simu ya mtu asiyemjua ana haki ya kusita, kwa sababu kwa macho tu hawezi kutofautisha skrini halali na ya kughushi. Sioni njia ya kumwondolea shaka hiyo kwa maneno. Linalosaidia ni kumkabidhi simu mkononi na kugeuka pembeni anapoandika. Kwa mteja asiyeona ni vigumu zaidi: kwenye mashine za kawaida kitufe cha 5 kina kinundu cha kupapasa, ilhali kioo ni laini kote. Baadhi ya programu zina namna maalumu ya kumsaidia. Ifahamu kabla hajafika.

Inamfaa: anayeuza kwa kutembea, mwenye miamala michache au ya kiasi kidogo, na anayetaka kujaribu kupokea kadi kabla ya kutoa fedha.

## Kisomaji kidogo cha Bluetooth

Kadi zitakazopita. Kina mahali pa kugusisha na tundu la kuchomeka chipu, na vingi vina vitufe vya namba. Zile kadi zilizoishia ukutani kwa simu, hapa hupita. Kuna vya bei rahisi visivyo na vitufe, ambavyo namba ya siri huandikwa kwenye simu, au havipokei kabisa. Tazama picha ya kifaa kabla ya kununua. Usiridhike na neno "kisomaji".

Gharama. Unakinunua mara moja, kwa kawaida bila ada ya mwezi. Fahamu kwamba kimefungwa kwa mtoa huduma aliyekuuzia: ukihama, kifaa hakihami nawe. Programu ya simu unaifuta tu na kupakua nyingine.

Kazi ya siku nzima. Sasa una vitu viwili vya kuchaji, na uhusiano kati yao unaoweza kukatika. Kisomaji chenyewe hakina mtandao. Hutumia wa simu, hivyo pasipo mtandao mko sawa na wa simu peke yake. Kwa upande mwingine, mteja anakishika bila kushika simu yako, nawe unaendelea kuandika bidhaa inayofuata yeye akilipa. Kwenye foleni ya watu watano tofauti hiyo inaonekana.

Usalama, na imani ya mteja. Ni kifaa cha kazi moja, kilichotengenezwa kufuta funguo zake za siri kikifunguliwa kwa nguvu. Mteja hajui hayo, lakini akiona vitufe anaandika namba yake bila kuuliza.

Inamfaa: mwenye meza ya kudumu au nusu ya kudumu, anayeuza vitu vya thamani inayovuka kikomo cha mguso mara kwa mara, au mwenye wateja wa kadi za kila aina.

## Mashine kamili

Kadi zitakazopita. Karibu zote: mguso, chipu, namba ya siri, na kwenye mashine nyingi hata ule utepe wa sumaku wa kadi za zamani.

Gharama. Ndiyo ghali zaidi, ama kwa kununua ama kwa kukodi kila mwezi. Kodi ya mwezi hulipwa hata mwezi usiouza, na mkataba unaweza kukufunga mwaka mzima au zaidi. Soma sehemu ya kuvunja mkataba kabla ya sehemu ya asilimia.

Kazi ya siku nzima. Ina betri kubwa, laini yake na Wi-Fi, na nyingi hutoa karatasi. Simu yako inabaki yako. Msaidizi anaweza kuachiwa mashine bila kuachiwa mawasiliano yako binafsi, jambo ambalo watu huligundua siku ya kwanza wanapoajiri. Uzito na ukubwa ndio mzigo wake kwa anayetembea.

Usalama, na imani ya mteja. Hapa mteja haulizi chochote.

Inamfaa: duka lenye foleni, wafanyakazi wa zamu, na wateja wanaodai risiti ya karatasi.

## Hesabu ya fundi nguo

Tuchukue fundi anayepima na kupeleka nguo nyumbani kwa wateja. Ana simu ya Android yenye NFC na hupokea malipo ya kadi 20 kwa wiki. Tarakimu hizi ni za mfano, na nitaziita "vipande" badala ya fedha ya nchi fulani ili uweke zako.

Mtoa huduma wake hukata asilimia sawa kwa njia zote, ila simu peke yake huongezewa kipande 1 kwa kila muamala. Kisomaji kidogo kinauzwa vipande 400. Kwa ada peke yake, anatoa vipande 20 kwa wiki, na kisomaji kitajilipa baada ya wiki 20.

Lakini ada si hasara yote. Tuseme malipo 1 kati ya 50 hukwama kwa sababu kadi inataka kuchomekwa. Kwa miamala 20 kwa wiki, hayo ni malipo 2 kila wiki 5. Mmoja wa wateja hao wawili analipa kwa njia nyingine; wa pili anasema atarudi, na harudi. Kama faida ya nguo moja ni vipande 60, fundi anapoteza 60 kila wiki 5, yaani 12 kwa wiki. Jumla sasa ni 32 kwa wiki, na kisomaji kinajilipa kati ya wiki ya 12 na ya 13.

Geuza upande wa pili: mtoa huduma asiyeongeza ada, na wateja ambao karibu wote hulipa kwa simu zao. Hasara ya kila wiki inakaribia sifuri, na kisomaji kingekaa kabatini. Tarakimu inayoamua ni ile ya malipo yanayokwama, na huwezi kuijua kwa kukisia. Kwa kuwa simu peke yake ni bure kuanza, itumie mwezi mmoja na uandike kila kadi iliyokataliwa pamoja na maneno ya skrini. "Chomeka kadi" ni hoja ya kununua kisomaji. "Soma tena" ni hoja ya kuvua kava. "Salio halitoshi" haihusiani na kifaa chochote.

## Tahadhari moja kwa njia zote

Mtandao ukikatika baada ya kadi kusomwa lakini kabla jibu halijafika, hujui kama fedha zimekatwa. Mlio wa kadi kusomwa si idhini ya benki. Idhini ni skrini inayofuata. Usimwombe mteja agusishe tena papo hapo. Fungua orodha ya miamala kwenye programu, subiri mtandao urudi, uone kama muamala upo. Ukiharakisha, unaweza kumkata mara mbili, na kumrudishia kunaweza kuchukua siku kadhaa. Baadhi ya mifumo huruhusu kuhifadhi malipo bila mtandao na kuyatuma baadaye, lakini benki ikikataa baadaye hasara huwa ya muuzaji. Kwa mteja unayemjua na kiasi kidogo, huenda ikafaa. Kwa mgeni anayenunua kitu cha thamani, mimi nisingethubutu.

## Kulingana na hali yako

Kama hujawahi kupokea kadi na hujui wateja wangapi watalipa hivyo, anza na simu peke yake, mradi ina NFC na programu inapokea namba ya siri nchini kwako.

Kama bei ya bidhaa yako moja peke yake inatosha kuvuka kikomo cha mguso, na programu yako haipokei namba ya siri, nenda moja kwa moja kwenye kisomaji chenye vitufe.

Kama una msaidizi na simu ni moja, usigawane simu. Msaidizi apate kisomaji na simu ya kazi, au mashine kamili.

Kama unauza kwa msimu, epuka kodi ya kila mwezi. Simu au kisomaji cha kununua havidai chochote ukiwa umefunga.

Kama wateja wako wengi ni wazee, au wameonyesha kusita kuandika namba ya siri kwenye simu yako, vitufe vitakuondolea maelezo marefu.

Na kama tayari una kisomaji au mashine, programu ya simu bado ina nafasi: iweke tayari, ijaribu kwa kiasi kidogo na kadi zaidi ya moja siku tulivu, ili betri ya mashine ikiisha katikati ya foleni ujue inavyofunguka na antena iko wapi.